“Take care” kwa Kiswahili: jitunze, kila la heri, uende salama au haya, tutaonana?

Kuna mstari mmoja unaoweza kumchelewesha mfasiri wa manukuu ya filamu kuliko hotuba nzima ya wakili mahakamani. Kwenye faili unaonekana hivi:

```
112
00:14:07,200 --> 00:14:08,600
Take care.
```

Maneno mawili tu, ndani ya sekunde 1.4. Anayejua Kiingereza anaelewa papo hapo: watu wanaachana, na mmoja anamwonyesha mwenzake kwamba anamjali. Kazi inaanza pale unapotaka anayesoma kwa Kiswahili asikie hivyohivyo. Ukifanya tafsiri sisisi, neno kwa neno, unapata “chukua uangalifu”, na hayo ni maneno ambayo hakuna mtu aliyewahi kuagwa nayo. Ukisogea kidogo unapata “chukua tahadhari”. Hicho ni Kiswahili safi, ila ni Kiswahili cha tangazo la mafuriko au la mlipuko wa ugonjwa. “Jihadhari” inakwenda mbali zaidi, kwa sababu anayeambiwa hivyo mlangoni hugeuka kutazama kuna nini nyuma yake. Na “jiangalie” au “chunga sana” ni kitisho kabisa.

Wanaotafsiri kwa kuzingatia sikio hufikia kauli nne: jitunze, kila la heri, uende salama (pamoja na nduguye, Mungu akulinde), na haya, tutaonana. Zote nne ni Kiswahili halisi, na kila moja ina mahali ambapo hakuna nyingine inayoiweza. Nitazipima zote kwa vigezo vilevile, halafu nitaonyesha jinsi zilivyoshindana katika kazi moja niliyoifanya.

Vigezo vinne

Cha kwanza ni kinachosikika: neno likitamkwa lenyewe, bila maelezo, msikilizaji anapata picha gani? Cha pili ni nani kwa nani, yaani umri, undugu, cheo na ukaribu wa wanaoagana. Kauli ya Kiingereza haijali sana mambo hayo. Mkurugenzi anaweza kumwambia mlinzi, na mlinzi akamwambia mkurugenzi, kwa maneno yaleyale. Kwetu, bibi na mjukuu hawaagani kwa neno moja.

Cha tatu ni kuachana kwa namna gani: kwa saa chache, kwa miaka, au bila ya kujua. Hapa kuna jambo linalowaponyoka wengi. Kauli ya Kiingereza haisemi nani anaondoka na nani anabaki, wala haisemi kama anayeagwa ni mmoja au ni kumi. Kiswahili mara nyingi kinalazimisha useme yote mawili. Niliwahi kupewa maandishi ya mchezo bila picha, nikaandika “uende salama” kwa sababu mstari uliotangulia ulikuwa wa mtu kufungua mlango. Picha ilipokuja nikaona kwamba aliyesema ndiye aliyekuwa anaingia kwenye gari, na aliyeambiwa aende salama alikuwa mzee aliyekaa kitini akiwa na blanketi magotini. Tangu hapo sianzi kazi ya manukuu bila kuiona picha, na kama haipo namwuliza aliyenipa kazi: nani anatoka, na wako wangapi?

Cha nne ni jibu lake, na hicho ndicho ninachokipa uzito kuliko vyote. Kuagana kwa Kiswahili kunakwenda kwa zamu, kama salamu zenyewe. Anayesema “alamsiki” usiku anangoja “binuru”. Anayesema “shikamoo” anangoja “marahaba”. Vivyo hivyo kila kauli ya kuagana inavuta jibu lake, na jibu lisipokuja kuna kitu kinabaki kinaning’inia. Kwa hiyo mfasiri hachagui mstari mmoja, anachagua miwili: ule wa kuaga na ule unaoujibu. Ukiona “Take care” ikifuatwa na “You too”, anza kwa kutafuta jibu linalotoka mdomoni kwa urahisi, kisha rudi juu uchague kauli inayolivuta jibu hilo. Nimeona tafsiri nyingi ambazo mstari wa kwanza ni mzuri na wa pili ni mbao kavu, kwa sababu tu mfasiri alikwenda kutoka juu kwenda chini.

Jitunze

*Kinachosikika.* Hii ndiyo iliyo karibu zaidi na maneno ya Kiingereza, na ndiyo inayokuja kwanza kichwani. Mzizi ni kutunza, na unatunza kitu kinachoweza kuharibika: mgonjwa, mtoto, nguo nzuri, afya. Kwa hiyo “jitunze” inaugusa mwili. Ukimwambia mtu aliyetoka hospitalini, au mwenye mimba, au anayefanya kazi za usiku na asiyekula vizuri, neno linakaa mahali pake hasa. Ukimwambia mtu mzima mwenye afya anayekwenda zake ofisini, anaweza kujiuliza umemwona ana nini.

Kuna maana nyingine ya kuangalia. Msichana akiambiwa ajitunze na mzazi au shangazi, mara nyingi kinachosemwa ni tabia: asijiachie, awe mwangalifu na wanaume. Wasikilizaji wa Kiswahili wanalisikia hilo hata pale mwandishi wa Kiingereza hakulikusudia. Nimewahi kusoma tafsiri ambamo mwalimu wa kiume anamwambia “jitunze” mwanafunzi wake wa kike mlangoni, na sentensi isiyo na neno ikaonekana ina neno.

*Nani kwa nani.* Marafiki wa rika moja, wapenzi, na mkubwa kwa mdogo. Mdogo kwa mkubwa haipendezi sana, kwa kuwa ni amri. Ukitaka kuilainisha, iondoe kwenye amri uiweke katika hali ya kutamani: “ujitunze”, na kwa wengi “mjitunze”. Herufi moja mbele inabadilisha agizo kuwa ombi. “Ujitunze, mama” linasemeka, wakati “jitunze, mama” linakwaruza.

*Kuachana kwa namna gani.* Inafaa zaidi mkiachana kwa muda wa kutosha mtu kuweza kudhoofika: wiki, miezi, muhula. Uzuri wake ni kwamba haijali nani anaondoka. Wote wawili wanaweza kuitumia, na katika hilo inafanana na Kiingereza.

*Jibu lake.* “Asante, nawe pia.” Linatosha, ila halina utamu wa jibu lililozaliwa pamoja na kauli yake. Katika ujumbe wa simu, ambako vijana wanaitumia sana, mara nyingi halijibiwi kabisa, na hakuna anayechukia.

Kila la heri

*Kinachosikika.* Ni kifupi cha “nakutakia kila la heri”, yaani kila jambo la heri. Picha inayokuja ni ya mtu anayesimama mbele ya jambo: mtihani, kazi mpya, ndoa, kesi, kuhamia mji mwingine. Heri hapa ni mafanikio zaidi kuliko usalama. Kwa sababu hiyo inaubeba upande wa kumtakia mtu mema uliomo kwenye Kiingereza, na kuacha nje ule upande wa “naogopa usidhurike”.

*Nani kwa nani.* Hapa ndipo ilipo nguvu yake. Inamfaa yeyote kwa yeyote. Haina amri ndani yake, haina udini, haina ukaribu wa kupitiliza. Bosi kwa mfanyakazi anayeacha kazi, mfanyakazi kwa bosi, watu waliokutana ndani ya basi mara moja tu. Na haibadiliki kwa umoja na wingi, jambo linalomwokoa mfasiri asiye na picha.

Ubaya wake unatokana na uzuri huohuo. Kwa kuwa inamfaa kila mtu, kati ya watu wa karibu inaweka umbali. Mke akimwambia mumewe “kila la heri” asubuhi anapotoka, na hakuna usaili wala safari siku hiyo, msikilizaji atajua hapo ndani kuna ugomvi. Mwandishi wa Kiswahili anaweza kuitumia kwa makusudi hayo, lakini mfasiri asiiingize kwa bahati mbaya.

*Kuachana kwa namna gani.* Kwa muda mrefu, au kwa jambo maalumu lililo mbele. Mkiachana hadi jioni, ni nzito mno.

*Jibu lake.* “Asante sana”, na kama wote wawili wana jambo mbele yao, “nawe pia”. Hapa “nawe pia” inakaa vizuri kuliko kwenye jitunze, kwa sababu heri ni kitu cha kurudishiana.

Uende salama, na nduguye Mungu akulinde

*Kinachosikika.* Zote mbili ni dua. Ya kwanza haimtaji Mungu, ya pili inamtaja, ila zimejengwa kwa namna moja: kitenzi kinachomaliziwa kwa e, cha kutamani kitu kitokee. Katika “uende salama” hofu na upendo vimo pamoja, bila kumtishia anayeondoka. Kwa sikio langu hii ndiyo iliyo karibu zaidi na moyo wa ile kauli ya Kiingereza, ingawa kwa maneno iko mbali nayo. Hakuna “kutunza” ndani yake wala “kujali”, lakini anayeambiwa anajua kwamba anayebaki atakuwa anamuwaza.

Wengine husita kuandika “Mungu akulinde” kwa hoja kwamba Mungu hayumo katika maandishi ya asili. Hoja hiyo ina uzito pale mhusika ni mtu asiye na dini na hadithi yenyewe inagusa jambo hilo. Kwingineko haina uzito mkubwa, kwa sababu kumtaja Mungu wakati wa kuagana kwa Kiswahili ni tabia ya lugha kabla ya kuwa ungamo la imani. Hata Kiingereza chenyewe kilianzia huko: neno lao la kawaida la kuagia, “goodbye”, ni mkunjo wa sentensi iliyomwombea mtu Mungu awe naye. Wao wamelisahau, sisi bado tunalisikia. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: mhusika huyu, kama angezaliwa ndani ya Kiswahili, angemtaja Mungu hapa?

*Nani kwa nani.* “Uende salama” inapanda na kushuka: mtoto anaweza kumwambia mzazi, mzazi mtoto, jirani jirani. “Mungu akulinde” inapendeza zaidi ikishuka, kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo, na ikiandamana na neno la undugu, kama “Mungu akulinde, mwanangu”, inakuwa ya moto sana. Ikipanda inawezekana pia, lakini hubeba uzito wa tukio kubwa.

*Kuachana kwa namna gani.* Hapa kuna sharti gumu. Uende salama husemwa na anayebaki kumwambia anayeondoka. Anayeondoka husema “ubaki salama”, na kwa wengi inakuwa “mwende salama” na “mbaki salama”. Usipojua nani yuko upande gani wa mlango, usiiguse. Kama ni safari ndefu hasa, “ufike salama” ni bora, kwa kuwa macho yanaelekea mwisho wa safari, si mwanzo wake. “Mungu akulinde” haina sharti hilo, inafaa pande zote mbili. Kuhusu muda, “uende salama” ni pana ajabu: inafaa kwa mtu anayekwenda zake nyumbani jioni na kwa anayehama nchi.

*Jibu lake.* Hapa ndipo inapozishinda zote. Uende salama inajibiwa ubaki salama, na Mungu akulinde inajibiwa amina. Yote mawili hutoka yenyewe, mafupi, bila kutafutwa.

Haya, tutaonana

*Kinachosikika.* Wepesi. “Haya” ndiyo inayofanya kazi kubwa, nayo haina neno moja la Kiingereza linaloilingana: inafunga mazungumzo bila kuyakata, inamwambia mwenzako kwamba yaliyosemwa yamesikika na sasa tunaweza kuachana. “Tutaonana” inaahidi kwamba huu si mwisho. Kujali kumo, ila kumefichwa. Badala ya kusema “nakutakia usalama” unasema “nategemea kukuona tena”.

Wenye kudai uaminifu kwa maneno ya asili hukasirika hapa, kwa sababu hakuna hata neno moja lililohama kutoka Kiingereza. Nawaelewa. Lakini sikiliza jinsi kauli ile inavyotumika mara nyingi kwa Kiingereza chenyewe: watu wametoka kazini, mmoja anaokota mkoba, anasema bila kumtazama mwenzake, na wameshageuka. Hakuna hofu hapo wala dua. Ukimwekea huyo mtu “Mungu akulinde” umempa moyo ambao mwandishi hakumpa.

Ndugu wa karibu wa kauli hii ni “wasalimie nyumbani”. Napenda kuitumia pale ambapo asili ina joto kidogo kuliko kuagana kwa juujuu, lakini bado ni ya kila siku. Inahamisha kujali kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa watu wake, na hivyo ndivyo mazungumzo mengi ya Kiswahili yanavyofungwa. Tahadhari yake ni moja: mhusika lazima awe na nyumbani. Ukimwambia hivyo yatima katika tukio la pili, wakati filamu itafichua uyatima wake katika tukio la kumi, umeharibu kazi ya watu.

*Nani kwa nani.* Rika kwa rika, wafanyakazi wenza, majirani. Kwa mkubwa ongeza cheo chake cha heshima, na “haya” isikae peke yake: “Haya mzee, tutaonana.” Bila hilo inaweza kusikika kama unamfukuza.

*Kuachana kwa namna gani.* Kwa muda mfupi, au muda usiojulikana lakini wenye matumaini. “Haya, tutaonana jioni” kama saa inajulikana, “tukijaaliwa tutaonana” kama haijulikani. Kamwe usiitumie pale ambapo hadithi inajua hawataonana tena, isipokuwa kama unataka hasa mtazamaji aumie baadaye.

*Jibu lake.* “Haya.” Na kwa wengine, “inshallah” au “Mungu akipenda”. Kwa wasalimie nyumbani jibu ni “zimefika”, yaani salamu.

Zote nne ndani ya kazi moja

Mchezo wenyewe ulikuwa wa vipindi sita, kuhusu baba na binti yake mtu mzima wanaoishi pamoja. Kila kipindi kina asubuhi moja inayofanana. Binti anavaa koti kwenye kijia chembamba, baba amesimama na ufunguo mkononi kwa sababu mlango huo haufunguki vizuri, anausukuma kwa bega, anasema ile kauli. Binti anajibu “You too”, na mlango unafungwa. Katika kipindi cha sita binti anahama kabisa. Ufunguo uleule, bega lilelile, kauli ileile. Binti hajibu kitu. Anamtazama tu, halafu anatoka.

Mstari ulikuwa na sekunde 1.4. Kwa kiwango kinachotumika sana cha herufi 17 kwa sekunde, hiyo ni nafasi ya herufi 23 hivi, ukihesabu na nafasi kati ya maneno. Mstari mmoja kwenye kioo kwa kawaida unabeba hadi 42, kwa hiyo upana haukuwa tatizo. Kikwazo kilikuwa muda.

Nilianza na “Haya, tutaonana jioni.” Herufi 22, inaingia. Kwa kipindi cha kwanza ilikuwa kamili, kwa sababu baba anaisema bila kufikiri, kama mtu anayezima taa. Lakini kipindi cha sita hakuna jioni ya kuonana. Ningelazimika kubadilisha kauli mwishoni, na nikibadilisha, mtazamaji wa Kiswahili asingeona kwamba baba amesema maneno yaleyale ya kila siku. Ule urudiaji ndio hadithi yenyewe. Nikaiacha.

“Kila la heri” ingefaa sana kipindi cha sita na kuchekesha vile vitano vya mwanzo. Baba anayemtakia bintiye kila la heri kila asubuhi anaonekana kama anampeleka kwenye mtihani usiokwisha.

“Jitunze” ilivumilia vipindi vyote sita. Ni fupi, herufi nane pamoja na nukta, na haijali muda wala nani anatoka. Nilikaa nayo siku mbili. Kilichoniondoa ni lile sikio la pili: baba kwa binti, kila asubuhi, jitunze, jitunze. Kufikia kipindi cha tatu, binti anapoanza kuchelewa kurudi, neno lingekuwa limegeuka kuwa mashaka juu ya tabia yake. Kwenye asili hakuna mashaka hayo. Baba yule anaogopa barabara na baridi, haogopi wanaume.

Nikafika kwenye “Uende salama.” Herufi 13 tu. Asubuhi ya kawaida inaibeba bila kuelemewa, na asubuhi ya kuhama inaibeba pia, kwa sababu safari ya saa chache na safari ya maisha zote ni kwenda. Kisha nikaangalia jibu. “You too” ikawa “Ubaki salama.”, na kwa vipindi vitano mtazamaji anaizoea jozi hiyo: uende salama, ubaki salama, mlango unafungwa. Kipindi cha sita baba anasema nusu yake, na nusu ya pili haiji. Kwa Kiingereza ukimya ule ni mzuri. Kwa Kiswahili naamini unauma zaidi, kwa sababu kuna neno maalumu ambalo kila mtu anajua lilipaswa kuwapo hapo.

Laiti kazi ingekuwa ya kuingiza sauti badala ya manukuu, hesabu ingekuwa nyingine. Kauli ya Kiingereza ina silabi mbili, “jitunze” ina tatu, “kila la heri” na “haya, tutaonana” zinazidi hapo, na “uende salama” ina sita. Kinywa cha baba kingefungwa kabla sauti haijaisha. Bahati yake ana tabia ya kugeukia mlango, lakini kwa mwigizaji anayetazama kamera ningerudi kwenye jitunze, au hata kwenye “haya” peke yake.

Uchague ipi, kwa hali gani

Kama unamwandikia rafiki ujumbe wa simu na mnaachana kwa siku kadhaa, “ujitunze” inatosha. Kama rafiki huyo anaumwa, tangulia na “ugua pole”, ndipo “ujitunze” ifuate, maana bila pole inasikika kavu.

Kama unatafsiri barua pepe ya kazini na kauli hiyo iko juu ya jina la mwandishi, usiilazimishe iwe mojawapo ya hizi nne. Barua za Kiswahili zina namna zao za kufungia, na “wasalaam” inafanya kazi hiyo kwa watu wanaofahamiana kikazi. Isipokuwa anayeandikiwa ndiye anayeondoka kazini. Hapo “nakutakia kila la heri” ni sahihi, na iandikwe yote, kwa sababu kifupi chake katika barua rasmi kinaonekana cha haraka.

Kama ni mazungumzo ya kila siku katika riwaya au filamu, na huoni hofu yoyote katika sauti ya msemaji, nenda na “haya, tutaonana”, au “wasalimie nyumbani” ukiwa na hakika na familia ya mhusika. Ukiona mkono umebaki begani kidogo zaidi ya kawaida, panda kwenye “uende salama”. Ukiona machozi, na msemaji ni mkubwa, “Mungu akulinde”.

Kama anayeambiwa ni kundi, rudi kwenye kila kitenzi ukakague: jitunzeni au mjitunze, mwende salama, Mungu awalinde. Kila la heri na haya, tutaonana zinabaki zilivyo.

Kama msemaji ni adui, na anaisema polepole huku akitabasamu, basi ule msamiati tulioukataa mwanzoni ndio wako sasa. “Jiangalie” au “chunga sana” inabeba kitisho hicho vizuri kuliko kauli yoyote ya kuagana.

Na kama kauli inarudiwa katika kazi nzima, usichague mpaka umeona mara ya mwisho inapotokea. Iandike mara hiyo ya mwisho kwanza pamoja na jibu lake, kisha urudi nyuma ujaribu kama inasemeka asubuhi ya kawaida, wakati mtu anatafuta koti lake na mwenzake anausukuma mlango kwa bega.